Taarifa ya Ukaguzi wa Ndani: Mchakato wa Usimamizi wa Vihatarishi

Kwa: Mwenyekiti, Kamati ya Ukaguzi ya Bodi
Nakala: Mtendaji Mkuu, Meneja wa Vihatarishi
Kutoka: Mkaguzi Mkuu wa Ndani
Tarehe: 18 Septemba 2025
Kipindi kilichokaguliwa: Julai 2024 hadi Juni 2025

Maoni ya jumla

Mchakato unahitaji maboresho makubwa. Rejista za vihatarishi zipo na zinahuishwa kila robo mwaka, tena nyingine zimeandikwa kwa umakini unaostahili pongezi. Tatizo liko kwenye njia ya kupanda: vihatarishi vikubwa vinafahamika idarani, lakini haviwafikii kwa wakati wenye mamlaka ya kuvifanyia uamuzi.

Tulichopima

Tulichukua rejista za idara 6 kati ya 9, tukachagua vihatarishi 40 na kufuatilia kila kimoja hadi kwenye ushahidi wake. Kipimo chetu kilikuwa Sera ya Vihatarishi ya taasisi, ambayo imejengwa juu ya mwongozo wa ISO 31000 wa mwaka 2018. Kwa mujibu wa sera, alama ni uwezekano wa kutokea mara athari, na kila kihatarishi chenye alama 15 au zaidi kati ya 25 kinapaswa kumfikia Mtendaji Mkuu ndani ya siku 5 za kazi.

Hoja ya 1: Vihatarishi vikubwa kutopandishwa ngazi (uzito: juu)

Katika sampuli, vihatarishi 12 vilifikia alama 15 au zaidi. Vitano viliwasilishwa ndani ya muda, vinne vilichelewa, na vitatu havikuwasilishwa kabisa.

Kilichotutia wasiwasi zaidi ni cha Idara ya Tehama. Jaribio la kurejesha data za mfumo wa malipo kutoka kwenye nakala rudufu lilishindikana. Afisa mhusika aliingiza kihatarishi hicho siku iyo hiyo kwa alama 20 (uwezekano 4, athari 5), jambo sahihi kabisa. Mkuu wa idara akaona kwanza alitatue, kisha alipeleke kwenye kikao cha robo mwaka. Zilipita siku 61. Muda wote huo taasisi iliendesha malipo bila uhakika wa kurejesha kumbukumbu zake, na Bodi ilikutana mara moja bila kuambiwa. Hakuna hasara iliyotokea, lakini hilo halitokani na udhibiti wowote tuliouona.

Aidha, vihatarishi vinne vilishushwa kutoka alama 16 hadi 12 ndani ya wiki mbili kabla ya kikao cha Kamati ya Vihatarishi. Tuliomba ushahidi wa udhibiti mpya ulioshusha uwezekano kutoka 4 hadi 3, haukupatikana. Hatudai kuwa kuna aliyekusudia kuficha. Hata hivyo, tathmini ya utendaji ya wakuu wa idara hupunguza alama kwa kila kihatarishi chenye rangi nyekundu mwishoni mwa robo. Kwa maoni yetu hiki ndicho chanzo kikuu, na mafunzo peke yake hayatakiondoa.

*Mapendekezo:* Idadi ya vihatarishi vyekundu iondolewe kwenye tathmini ya utendaji. Badala yake ipimwe kasi ya kuviwasilisha na kutekeleza hatua zilizokubaliwa. Alama isishushwe bila ushahidi uliohakikiwa na Meneja wa Vihatarishi. Afisa aruhusiwe kumwandikia Meneja moja kwa moja pale siku 5 zinapopita.

*Majibu ya menejimenti:* Imekubali mapendekezo mawili ya mwisho, kutekelezwa ifikapo 31 Oktoba 2025. La kwanza imeomba lisubiri mzunguko ujao wa tathmini. Hatukubaliani na kusubiri huko, na tunaiomba Kamati itoe uamuzi.

Hoja ya 2: Vihatarishi vinavyofanana kutounganishwa (uzito: juu)

Utegemezi kwa mzabuni mmoja umo kwenye rejista tatu, kwa alama 9, 10 na 12. Kila idara inauona mdogo, na hakuna aliyekaa na rejista zote tatu kwa pamoja. Mzabuni huyo akisimama, huduma za idara zote tatu zitasimama siku moja. Meneja wa Vihatarishi amekubali kuandaa rejista ya taasisi nzima ifikapo 30 Novemba 2025.

Hoja ya 3: Umiliki na ushahidi wa udhibiti (uzito: wastani)

Vihatarishi 6 vimeandikwa mmiliki kuwa “idara”, bila cheo cha mtu. Udhibiti 11 ulioandikwa “unafanya kazi” haukuwa na kumbukumbu ya kupimwa. Menejimenti imekubali kurekebisha ifikapo 31 Oktoba 2025.

Ufuatiliaji

Tutarudia kupima hoja ya 1 na ya 2 Januari 2026, kwa sampuli mpya na kwa kujumuisha idara 3 ambazo hazikukaguliwa safari hii.