CHETI CHA AFYA CHA KUJIUNGA NA SKULI YA DAHALIA

Kliniki ya wagonjwa wa nje, Wete, Kaskazini Pemba
Jumatatu, 30 Juni 2025

Kwa: Mwalimu Mkuu na mlezi wa dahalia ya wasichana, skuli ya sekondari aliyopangiwa mwanafunzi, Unguja

Mwanafunzi: Maryam Khamis Juma, mwanamke, umri miaka 17, mkaazi wa Wete. Anaingia Kidato cha Tano.

Nathibitisha kwamba nimemchunguza mwanafunzi huyu leo saa 3 asubuhi, akiwa amefuatana na mama yake, na nimemwona ANAFAA kusoma, kuishi dahalia na kushiriki michezo. Ana ugonjwa wa pumu uliodhibitiwa kwa dawa. Yeye na mama yake wameridhia niutaje, kwani msichana huyu anavuka bahari kwenda kuishi na watu wasiomjua, na lazima wajue la kufanya siku atakapobanwa.

Niliyoyaona: Uzito kilo 51, urefu sentimita 158. Joto 36.8, mapigo ya moyo 84 kwa dakika, pumzi 18 kwa dakika, shinikizo la damu 112/70, oksijeni asilimia 98. Mapafu yanapitisha hewa sawa pande zote mbili, hayana mlio. Nguvu ya kupuliza ni lita 355 kwa dakika. Moyo, tumbo, ngozi na viungo havina kasoro. Wingi wa damu 12.3. Kipimo cha haraka cha malaria hakikuonesha vimelea, na mkojo hauna damu wala sukari. Jicho la kulia 6/6, la kushoto 6/12. Nimempa barua ya kwenda kupimwa miwani. Hadi aipate, akae safu ya mbele upande wa dirishani, si chini ya ubao ambako vumbi la chaki humwangukia.

Kipimo cha mimba na cha VVU sikufanya. Havihusiani na kufaa kwake kusoma, na naomba asitakiwe kuvileta.

Kuhusu pumu: Anayo tangu ana miaka 6. Mara ya mwisho kubanwa ilikuwa Disemba 2024, alipokaa mchana kutwa juu ya jamvi akichambua karafuu. Alitibiwa akarudi nyumbani siku ile ile. Tangu hapo hajaamka usiku kwa kukohoa. Anavuta beclometasone ya mikrogramu 100, mivuto 2 asubuhi na 2 usiku, kisha anasukutua. Dawa hii asiiache hata akijiona mzima, kwa kuwa ndiyo inayomweka mzima. Ramadhani atavuta baada ya futari na wakati wa daku.

Ya pili ni pampu ya buluu, salbutamol. Hii naomba sana ikae mfukoni mwake mchana na chini ya mto wake usiku. Najua dahalia nyingi hukusanya dawa zote na kuzifungia kabatini, na kwa vidonge vingi utaratibu huo ni mzuri. Kwa pampu haufai: mtoto aliyebanwa usiku wa manane hawezi kungoja ufunguo utafutwe.

Akibanwa, aketi wima, asilazwe. Apewe mivuto 4, mmoja mmoja, kupitia ile chupa ya maji ya nusu lita iliyotobolewa kitako, ambayo amefundishwa kuitumia na ataibeba. Kila mvuto avute pumzi 4 ndani ya chupa. Baada ya dakika 4, ikiwa bado, arudiwe mingine 4, na gari itafutwe wakati huo huo. Akishindwa kumaliza sentensi, au midomo ikigeuka rangi, apelekwe hospitali bila kusubiri ruhusa ya yeyote, huku akiendelea kuvuta njiani. Ikitokea mchana wa Ramadhani, avute papo hapo; swaumu ataulizia baadaye.

Michezo acheze yote, netiboli na mbio zikiwemo, baada ya mivuto 2 robo saa kabla. Asiwekwe pembeni kwa huruma. Zamu za usafi afanye kama wenzake, ila badala ya kufagia kavu na kukaa jiko la kuni apangiwe kazi nyengine. Kitanda chake kiwe mbali na ukuta wenye ukungu.

Nimemwagiza arudi kwangu likizo ya Disemba 2025, na cheti hiki kinatumika hadi hapo. Akilazwa kwa pumu kabla ya muda huo, achunguzwe upya kabla ya kurudi michezoni.

Nimetia saini na muhuri wa kliniki. Nakala amepewa mama yake.

Omar Haji Faki
Afisa Tabibu