Yah: Kuomba radhi kwa kukosea jina lako, na kuthibitisha namna ya kukuita

Mpendwa Dkt. Ng'washi,

Salaam. Barua pepe yako ya jana nimeisoma, na kabla ya jambo lolote lingine naomba radhi. Jina lako ni Leah Ng'washi. Sisi tumeandika "Lea Ngwashi" kwenye mkataba, kwenye ankara zote mbili, kwenye salamu za barua pepe karibu zote, na sasa kwenye prufu ya jalada la kitabu chako. Juu ya hayo tumekuwa tukikuita Bi., ilhali wewe ni Daktari, na cheo hicho kimekuwepo chini ya kila ujumbe uliotuandikia tangu tuanze kazi hii.

Uliwahi kutusahihisha kwa upole. Katika ujumbe wako wa mwezi wa pili uliandika jina lako kwa wino mzito na kuomba tuliandike hivyo hivyo. Mwenzetu aliyepokea ujumbe huo alikujibu kwamba limerekebishwa, na kweli alilirekebisha, lakini kwenye barua aliyokuwa akiiandika siku ile tu. Kwa hiyo ulipata ahadi yetu, kisha ukaletewa kosa lile lile likiwa limechapwa kwa herufi kubwa juu ya kitabu ulichokihangaikia kwa miaka. Naelewa kwa nini jana uliandika kwa ukali kidogo, na hukuvuka mpaka hata chembe.

Nieleze lilivyotokea. Sisemi haya ili kupunguza uzito wake, bali upime mwenyewe kama marekebisho yetu yanagusa mzizi. Taarifa zako za kwanza zilichukuliwa kwa simu, na aliyezichukua aliandika alivyosikia: herufi ya mwisho ya "Leah" haisikiki, hakuuliza, ikadondoka. Ritifaa iliondolewa na fomu yetu ya kusajili wateja. Fomu hiyo ilipangwa ikubali herufi tupu. Alama nyingine yoyote iliifuta kimyakimya bila kumwonya anayeandika. Kuanzia hapo mkataba, ankara, stakabadhi, salamu za barua pepe na hata ukurasa wa hakimiliki vilivuta jina kutoka kwenye rekodi hiyo moja. Ndiyo maana kusahihisha barua moja hakukusaidia kitu. Barua iliyofuata ilirudi kuchota pale pale.

Rekodi yenyewe sasa imesahihishwa, na fomu imebadilishwa ili ikubali ritifaa na kistari katika majina. Nimeifungua mwenyewe asubuhi hii na kuiona. Pia tumeliandikisha jina lako kwa namna mbili za ritifaa, iliyonyooka na iliyopinda, kwa sababu kompyuta huzihesabu kuwa alama mbili tofauti. Anayetafuta faili lako kwa moja asingelipata lililoandikwa kwa nyingine, na mtu asipokuta faili huwa anafungua jipya. Hapo ndipo kosa la pili huzaliwa.

Sasa nithibitishe namna tutakavyokuandika na kukuita, kama nilivyoelewa kutoka kwenye ujumbe wako. Katika barua na nyaraka zote rasmi:

Dkt. Leah Ng'washi

Katika salamu tutaandika "Mpendwa Dkt. Ng'washi". Kwenye simu na kwenye vikao tutakuita Dokta Ng'washi, au Dokta peke yake. Kijana wetu wa mapokezi amekuwa akikuita "mama". Alifanya hivyo kwa heshima aliyokulia nayo nyumbani, na hakukusudia kukushusha. Hata hivyo, katika kikao chenye madaktari wenzako wanaotajwa kwa vyeo vyao, wewe peke yako kuitwa mama hakukuwa sawa. Nimezungumza naye na ameelewa. Ameniomba nikufikishie samahani yake, na akipokea simu yako atakuomba radhi mwenyewe.

Kwenye jalada na ukurasa wa jina la kitabu, umesema hutaki cheo, jina tu: Leah Ng'washi. Cheo kitabaki kwenye maelezo ya mwandishi nyuma ya kitabu, pale panapoelezwa kazi yako ya kufundisha ukunga. Tumefuata hivyo. Jalada limeandikwa kwa herufi kubwa tupu, kwa hiyo litasomeka LEAH NG'WASHI, na ritifaa tumeiweka iliyopinda ili ifanane na herufi nyingine za jalada. Mpangaji kurasa pia amelifunga jina lisikatwe mwishoni mwa mstari, maana programu ya kupanga kurasa ikiachiwa inaweza kuacha "Ng'" juu na kushusha "washi" chini. Nimelipitia kila linapotokea, pamoja na vichwa vya kurasa na shukrani za mratibu wa mafunzo, ambako alikutaja mara kadhaa. Huko nako tuliandika vibaya, na kumepona.

Kuna mahali pamoja ambapo jina halionekani kwa macho lakini lina uzito sana, nalo ni maelezo yaliyofichwa ndani ya faili la kitabu cha kielektroniki. Kila faili la namna hii hubeba sehemu ya jina la mwandishi, na maduka ya vitabu na maktaba huweza kuisoma moja kwa moja kwa kompyuta. Kama tungetoa kitabu kikiwa na "Lea Ngwashi" humo ndani, makala zako za awali zingebaki chini ya jina moja na kitabu hiki chini ya jina jingine, na anayekutafuta angeona waandishi wawili. Hukulitaja hili katika ujumbe wako, lakini kwangu ndilo zito kuliko yote, kwa sababu jalada huonekana na kusahihishwa, ila hili lingeweza kukaa miaka bila mtu kujua. Limesahihishwa. Taarifa za kitabu zinazoambatana na namba ya ISBN zilikuwa hazijatumwa, kwa hiyo zitaondoka zikiwa sahihi tangu mwanzo.

Kuhusu mkataba, nimeshauriana na mwanasheria wetu. Kosa la tahajia halijaufuta mkataba, lakini hatutaki uachwe ulivyo, kwa kuwa siku moja unaweza kuhitaji kuuonyesha mahali fulani pamoja na kitambulisho chako, na majina yakikataa kulingana usumbufu utakuwa wako. Nimeambatisha nyongeza fupi ya mkataba. Inasema mambo mawili tu: kwamba aliyetajwa humo kama "Lea Ngwashi" ni wewe, Dkt. Leah Ng'washi, na kwamba vifungu vingine vyote vinabaki kama vilivyo. Sisi tumeshasaini. Tafadhali linganisha jina lililomo na lile la kwenye kitambulisho chako, herufi kwa herufi, kabla ya kutia sahihi yako. Ukiona hata nukta haijakaa sawa, irudishe, tutaiandika upya.

Ankara mbili na stakabadhi ya malipo yako ya kwanza zimetolewa upya. Namba, tarehe na kiasi havikuguswa. Kilichobadilika ni jina, na chini yake kuna maneno "nakala iliyosahihishwa". Zile za zamani zihifadhi pamoja na hizi, usizitupe, ili mhasibu wako akiulizwa aweze kuonyesha kwamba ni malipo yale yale.

Kuna jambo moja ambalo sijaweza kulinyoosha, na sitaki uligundue mwenyewe. Jina la kuingilia kwenye hifadhi ya faili tunayotumia pamoja haliruhusu ritifaa. Mfumo huo si wetu na hatuna uwezo wa kuubadilisha. Tumeweza kurudisha herufi iliyodondoka, kwa hiyo utaingia kwa leah.ngwashi badala ya lea.ngwashi, na nywila yako ni ile ile. Jina linaloonekana juu ya ukurasa baada ya kuingia ni kamili, Dkt. Leah Ng'washi. Ikiwa hata hivyo hupendi kuandika jina lako pungufu kila unapoingia, niambie tutumie neno jingine kabisa, kwa mfano jina la kitabu. Ni kazi ya dakika chache na haitagusa faili zako.

Barua pepe zilizokwisha kwenda kwa watu wengine zikiwa na kosa siwezi kuzirudisha. Zilikwenda kwa mchoraji wa vielelezo, kwa mhakiki wa lugha na kwa mratibu wa mafunzo. Wote watatu nimewaandikia leo, ujumbe mfupi usiokuingiza wewe katika maelezo: kwamba ofisi yetu ilikosea jina la mwandishi, jina sahihi ni hili, na anaitwa Dokta. Mhakiki wa lugha amejibu tayari na amelisahihisha kwenye maoni yake ya sura ya tano na ya sita, ambayo utayapata wiki hii.

Gharama za kupanga upya jalada na kurasa zote zilizoguswa ni zetu. Hakuna kitakachoongezwa kwenye ankara yako ya mwisho kwa ajili ya kazi hii. Kwa upande wa muda, tumepoteza siku mbili za kupanga kurasa, nasi tutazifidia katika hatua ya ukaguzi wa mwisho, ambao nitausimamia mimi mwenyewe. Tarehe uliyowaahidi wanafunzi wako inabaki pale pale.

Tangu leo, mambo ya kitabu chako yatapitia kwangu. Namba yangu ya simu ya mkononi ni ile niliyokupa siku ya kusaini mkataba. Ukiona jina lako limeandikwa vibaya mahali popote, hata kwenye bahasha, nipigie moja kwa moja bila kupitia mapokezi. Ningefurahi pia nikupigie kesho baada ya saa nane mchana, ukiwa umetoka darasani, nikuombe radhi kwa sauti, kwa sababu haya ya kuandika peke yake naona hayatoshi. Kama hungependa simu, neno moja la kukataa linatosha, nami nitaliheshimu.

Ninachoomba kutoka kwako ni vitu viwili: nyongeza ya mkataba iliyosainiwa, na jibu lako kuhusu prufu mpya ya jalada, zote zikiwa zimeambatishwa hapa. Chukua muda unaouhitaji. Ukimya wako hatutauhesabu kuwa ridhaa. Kitabu hakitapelekwa mtamboni mpaka utuandikie mwenyewe kwamba jina limekaa sawa.

Wako katika kazi,

Rehema Kiondo
Mhariri Msimamizi

Viambatisho: prufu mpya ya jalada, nyongeza ya mkataba, ankara mbili na stakabadhi moja zilizosahihishwa