Yah: Naomba kuongezewa muda wa kulipa ada, pesa ya mfadhili imekwama benki

Habari za kazi hapo ofisini,

Mimi naitwa Zawadi, mwaka wa tatu Uuguzi, namba ya usajili NUR/0417/3. Naomba mnifikishie ombi langu kwa Mkuu wa Kitivo, naomba niongezewe muda wa kulipa ada ya semista hii kutoka Ijumaa tarehe 14 Machi mpaka Ijumaa tarehe 11 Aprili. Kwa mhasibu nimeshapita, akaniambia yeye kusogeza tarehe hana mamlaka, ila akiletewa kibali chenye saini kutoka kitivoni hapohapo ananifungulia kwenye mfumo, ndo maana nimeamua kuwaandikia nyie moja kwa moja.

Ada yangu inalipwa na taasisi ya ufadhili ya nje, wao wanalipa asilimia 80 na nyumbani tunamalizia 20. Hiyo 20 tumeshalipa yote, risiti ipo kwenye viambatanisho. Semista zote zilizopita wamelipa kabla ya tarehe ya mwisho, mkifungua akaunti yangu ya ada mtaona hakuna hata semista moja niliyovuka na deni.

Sasa safari hii ilivyokuwa ni hivi. Mfadhili alituma pesa Alhamisi tarehe 20 Februari na nakala ya MT103 wamenitumia, ndo ile karatasi ya benki inayoonyesha pesa imetoka kwa nani inaenda kwa nani na kiasi gani, nimeiambatanisha pia. Ila benki yao haina uhusiano wa moja kwa moja na benki ya chuo kwa hiyo pesa inapitia benki nyingine ya katikati, na hiyo ya katikati ndo imeishikilia. Wanafanya ukaguzi, wanataka kujua hii pesa ni ya nini na anayelipwa ni nani, kwa sababu kwenye ankara ya ada chuo kimeandikwa kwa jina refu kamili na akaunti ya benki imesajiliwa kwa jina fupi, basi majina yakipishana mashine inaisimamisha mpaka mtu apitie kwa mkono. Afisa wa mfadhili anayeshughulika na sisi wanafunzi alinitumia skrinishoti ya pale wanapofuatilia muamala, bado inasoma `ACSP` yaani ipo njiani inashughulikiwa, ikishaingia kwenye akaunti ya chuo itabadilika isome `ACCC`. Kwa hiyo pesa haijapotea wala haijarudishwa, na mfadhili hajajitoa, barua yao mpya ya kuthibitisha ufadhili mpaka nimalize masomo ipo hapo imesainiwa wiki iliyopita.

Benki imewaambia ukaguzi unaweza kuchukua mpaka siku 15 za kazi toka watakapopokea nyaraka zote. Tarehe 11 Aprili nimeitaja kwa kupiga hesabu hiyo pamoja na siku chache za mhasibu kuiona pesa na kuiweka kwenye akaunti yangu, sikutaka kuomba tarehe ya karibu halafu nirudi tena kuwasumbua. Ikiingia mapema mimi mwenyewe nitawataarifu siku hiyohiyo.

Kinachoninyima usingizi zaidi ni wodini. Mafunzo ya vitendo yanaanza Jumatatu tarehe 17 Machi na orodha ya nani anaenda wodi gani inatolewa kwenye mfumo, inawachukua waliokamilisha usajili tu. Nikifungua ukurasa wangu sasa hivi masomo yote yapo, mwalimu wa vitendo kashaniweka kwenye kundi la wodi ya wazazi, lakini pale juu kuna mstari mwekundu umeandikwa HAJASAJILIWA na kitufe cha kuthibitisha kimezimwa, hakibonyezeki. Mstari huo ukibaki mpaka tarehe 17 jina langu halitoki, na nyie mnajua masaa ya wodini hayafidiwi kwa kusoma notsi za mwenzako, yanasainiwa na msimamizi wa zamu kwenye kitabu, ukiyakosa unasubiri kundi linalofuata na kundi linalofuata ni mwakani. Yaani pesa ichelewe wiki chache halafu mimi nichelewe mwaka mzima kuhitimu, na mkataba wa ufadhili unasema wanalipa mwaka mmoja kwa mwaka mmoja wa masomo, wa kurudia hawalipi. Hapo ndo ningekuwa nimekwama kabisa.

Kwa hiyo pamoja na kuongezewa muda naomba sana nifunguliwe usajili wa muda kabla ya tarehe 17 ili niingie wodini na wenzangu. Kama utaratibu unataka kitu cha kushikilia niko tayari kusaini hati ya ahadi kwamba pesa isipoingia mpaka tarehe 11 Aprili usajili ufungwe tena na matokeo ya semista yazuiliwe mpaka nilipe. Na ile faini ya kuchelewa, naomba isianze kuhesabiwa ndani ya kipindi hicho maana mfadhili hailipi, itabaki kwa mama, na mama ameshatoa alichokuwa nacho kwenye ile asilimia 20.

Kuna jambo lingine dogo ambalo ofisi yenu mkilifanya linaweza kuisukuma pesa yenyewe. Benki inataka barua ya chuo yenye mhuri inayosema kwamba mimi ni mwanafunzi wenu wa mwaka wa tatu, kiasi kinachodaiwa semista hii ni kile kilicho kwenye ankara, na kwamba lile jina refu na lile jina fupi la kwenye akaunti ni chuo kilekile kimoja. Hicho kipengele cha majina ndo muhimu kuliko vyote. Ikipatikana wiki hii nitaiskani na kumtumia afisa wa mfadhili siku hiyohiyo aipeleke benki, na kwa maelezo yake wakishaipata hakuna nyaraka nyingine wanayodai. Kuna wenzangu kwenye kitivo wanaolipiwa na taasisi hiyohiyo na nao wanasubiri, nadhani barua hii itawasaidia na wao.

Nimemwomba pia mfadhili kwamba kuanzia malipo yajayo makato yote ya benki yawe upande wao, yaani pale kwenye makato waandike `OUR`, maana ikiwa `SHA` benki za njiani zinakata kidogokidogo na pesa inafika pungufu, halafu mfumo unaendelea kusoma nadaiwa hata kama kilichobaki ni kidogo sana. Hii iliyopo njiani tayari ni `SHA` kwa hiyo ikija na upungufu nitaumalizia mwenyewe ndani ya huohuo muda ninaouomba.

Nimeambatanisha barua ya ufadhili, MT103, risiti ya asilimia 20, ankara ya semista, skrinishoti ya muamala na mawasiliano yangu na afisa wa mfadhili. Yeye amekubali apigiwe simu au aandikiwe na ofisi yenu muda wowote wa kazi, anwani zake zipo kwenye barua ya ufadhili pale chini. Mimi nipo chuoni kila siku, vipindi vinaisha saa nane mchana, nikiitwa kuja kusaini au kujieleza mbele ya Mkuu nafika bila kuchelewa. Namba ya simu ni ileile iliyopo kwenye mfumo.

Naomba nipate jibu kabla ya Ijumaa tarehe 14 hata kama bado mnalijadili, ili nijue nimwambie nini mwalimu wa vitendo kuhusu nafasi yangu wodini.

Asanteni sana,
Zawadi
Uuguzi, mwaka wa tatu
NUR/0417/3