Pendekezo la Zabuni ya Huduma za Usafi, Jengo la Ofisi la Ghorofa Tisa

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Zabuni

YAH: ZABUNI NA. US/07, USAFI WA JENGO LA OFISI KWA MIAKA MITATU

Tumeisoma hati ya zabuni na viambatisho vyake vyote, na tumehudhuria ukaguzi wa eneo siku mliyoitangaza. Tunawasilisha pendekezo letu la kusafisha ghorofa zote tisa, mita za mraba 11,700, pamoja na vyumba vya vyoo 36, jiko dogo la kila ghorofa, lifti nne, ngazi mbili na eneo la maegesho. Jedwali la bei limo kwenye bahasha yake iliyofungwa kwa lakiri, kama mlivyoagiza.

Tulichokiona siku ya ukaguzi

Wakati wazabuni wengine wakipima korido, msimamizi wetu alichuchumaa mbele ya lifti ya pili. Kwenye marumaru ya ukumbi wa mapokezi kuna duara lililofifia, upana wake kama kitako cha ndoo. Mtu aliweka hapo ndoo yenye dawa ya asidi, ile ya kung'oa ukoko wa vyoo, ikachuruzika. Asidi huila marumaru. Hapo hakuna uchafu wa kufuta, jiwe lenyewe limelika. Madoa ya aina hiyo tumeyahesabu 11 kati ya mlango mkuu na meza ya mapokezi. Kupiga deki kwa nguvu zaidi hakutayaondoa. Yanahitaji kusuguliwa kwa mashine na kung'arishwa upya, na kazi hiyo tumeiingiza kwenye bei ya mwezi wa kwanza. Hamtaletewa ankara ya pembeni.

Tuliona pia kwamba zulia la mlangoni ni fupi: hatua moja tu umeshalivuka. Mchanga unaobaki kwenye soli ndio unaokwaruza sakafu ya ukumbi mzima. Tutaweka mazulia ya kukwangulia viatu yenye urefu wa mita tano, yanayofyonzwa vumbi mara mbili kwa siku. Haya ni mambo madogo, lakini sakafu ya marumaru ikiharibika, gharama ya kuibadilisha inaweza kumeza alichookoa mtu kwa kuchagua mzabuni wa bei ya chini kabisa.

Watu na zamu

Tunapendekeza wafanyakazi 24. Saba watakuwa zamu ya mchana: wawili ukumbini na nje, watano kwenye vyoo na majiko, ili kila choo kikaguliwe kila baada ya saa mbili na karatasi iliyo nyuma ya mlango isainiwe. Kumi na watano wataingia saa 11 jioni na kutoka saa 3 usiku, ofisi zikiwa tupu. Kila zamu ina msimamizi wake, naye hashiki mopu. Kazi yake ni kukagua.

Tunaomba Kamati ifanye hesabu moja kwa kila mzabuni: gawanya mita 11,700 kwa saa za kazi za jioni alizoahidi. Kwetu ni watu 15 kwa saa nne, yaani saa 60, sawa na mita 195 kwa kila mtu kwa saa. Mwenye watu wanane atalazimika kumaliza karibu mita 366 kwa saa, vyoo vikiwemo. Hapo hakuna usafi, kuna kupitisha kitambaa.

Kutokukosa

Hapa tunasema bila kuficha. Miaka miwili iliyopita, Jumatatu moja ya mvua kubwa, wafanyakazi wetu wanne hawakufika kwa mteja mmoja, na hadi saa 4 asubuhi vyoo vya ghorofa mbili vilikuwa havijaguswa. Mteja alikuwa na haki ya kukasirika, na alikasirika kwelikweli. Tangu hapo kila mkataba wetu una watu wa akiba. Kwenu watakuwa watatu, waliokwisha kufundishwa ndani ya jengo lenu na wenye vitambulisho vyenu tayari, kwa sababu mtu wa akiba anayezuiwa getini hana faida.

Mfanyakazi akikosekana, mtu wa akiba atafika ndani ya dakika 90 tangu zamu kuanza. Asipofika, mtakata kwenye ankara malipo ya siku mbili ya nafasi hiyo, bila kutuandikia barua wala kusubiri kikao.

Wafanyakazi wetu wameajiriwa kwa mikataba na hulipwa tarehe 28 ya kila mwezi, mteja awe ametulipa au hajatulipa. Msafishaji anayelipwa kwa wakati haachi kazi katikati ya mwezi, na jengo halijazwi sura ngeni kila wiki. Kwa ofisi zenye nyaraka za siri, hilo lina uzito kuliko harufu nzuri ya sabuni. Funguo zitatolewa na kurudishwa kwa saini katika daftari litakalokaa kwa walinzi wenu.

Namna ya kufanya kazi

Vitambaa na mopu vitakuwa vya rangi nne: nyekundu kwa vyoo na sehemu za haja ndogo, njano kwa masinki na vigae vya ukutani, kijani kwa majiko, bluu kwa meza za ofisi. Kitambaa kilichofuta choo hakitagusa simu ya mtu. Dawa ya kuua vijidudu itaachwa ikiwa majimaji kwa muda ulioandikwa kwenye chupa kabla ya kufutwa. Kuipulizia na kuifuta papo hapo ni kuimwaga bure. Marumaru itasafishwa kwa sabuni isiyo na asidi. Dawa ya ukoko itatumika kwenye vyoo vya kauri pekee, na itafungiwa kabati tofauti na klorini, maana viwili hivyo vikichanganyika hutoa gesi inayoumiza mapafu.

Kazi moja hatuichukui: vioo vya nje kuanzia ghorofa ya tatu. Kazi hiyo inataka mafundi wa kamba wenye mafunzo na bima yao. Tutawatafutia na kuwasimamia, lakini gharama yao imeonyeshwa kando ili mwione.

Bei inakokwenda

Katika kila 100 mtakazolipa, 68 ni mishahara na michango ya kisheria ya wafanyakazi, 14 ni sabuni, dawa na karatasi, 6 ni mashine na matengenezo yake, 5 ni mafunzo, sare na bima. Zinazobaki 7 ni uendeshaji na faida yetu. Huenda tusiwe wa chini kabisa mtakapofungua bahasha. Lakini bei yetu haitapanda kwa miezi 18 ya kwanza, isipokuwa kima cha chini cha mshahara kikibadilishwa kisheria.

Kila Ijumaa msimamizi wetu na afisa wenu wa majengo watakagua pamoja maeneo 20, yatakayochaguliwa na afisa wenu siku hiyo hiyo. Alama zikishuka chini ya 85 kati ya 100 kwa wiki mbili mfululizo, tutabadilisha msimamizi kwa gharama zetu. Zikishuka mara tatu ndani ya robo mwaka, mna ruhusa ya kuvunja mkataba kwa notisi ya siku 30, na hatutadai fidia.

Tukipewa kazi, tutaanza ndani ya siku 14: wiki ya kwanza ni mafunzo na vitambulisho, ya pili ni usafi wa kina na ukarabati wa marumaru, ambao utafanyika usiku. Zabuni hii ni halali kwa siku 90 tangu tarehe ya kufunguliwa. Dhamana ya zabuni, cheti cha kodi, hati za bima na barua za wateja watatu wa sasa zimeambatishwa. Wateja hao wamekubali kupigiwa simu, au kutembelewa bila sisi kuwepo.

Wenu katika kazi,

Mkurugenzi Mtendaji
Kwa niaba ya Mzabuni