Maneno ya shangazi kwenye akika ya Zainabu

Asalaam alaykum. Wazee wangu, wakwe zetu mliovuka bahari kutoka Pemba, majirani: karibuni sana.

Leo siku ya saba. Asubuhi mtoto amenyolewa, nywele zimepimwa, na thamani ya uzito wa nywele hizo kwa fedha tunaitoa sadaka. Mbuzi amechinjwa. Jina la mtoto ni Zainabu, jina la bibi yake, marehemu mama yetu, aliyelea watoto wa mtaa huu pamoja na sisi.

Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Juzi usiku mtoto alilia hadi saa nane. Bi Mwanahawa, jirani, hakuitwa. Aliingia na kanga yake begani, akampakata mpaka akalala, mzazi naye akapata usingizi. Ndivyo Zainabu alivyo tumaini letu sote: asome, awe na adabu, atuzike tukizeeka.

Kaka Hamisi, wifi Mwanaidi, mkichoka tuiteni. Nasi tukimwona anakosea njiani tutamkanya, msituone wabaya.

Shehe, karibu utuombee dua. Pilau iko tayari.