Mada: Idhini ya Sh 16,900,000 kwa paneli ya kapasita – jibu kabla ya Ijumaa 21 Machi

Kutoka: Msimamizi wa Umeme na Matengenezo, Kiwanda cha Kizota
Kwa: Mkurugenzi, Mhasibu Mkuu, Injinia wa Kiwanda
Nakala: Ofisa Ununuzi, mafundi wa zamu
Tarehe: Jumanne, 11 Machi 2025
Viambatisho: bili_okt2024_feb2025.pdf, hesabu_kapasita.xlsx, mchoro_paneli_kuu.pdf

Wakuu, habari za kazi.

Naomba idhini ya kununua na kufunga paneli ya kapasita ya kVAr 120 yenye riakta, kwa Sh 16,900,000 kabla ya VAT. Itapunguza kVA tunazolipia TANESCO kutoka 233 hadi 177 msimu wa kukamua, sawa na Sh 840,224 kila mwezi wa msimu. Fedha yetu inarudi ndani ya miaka 2. Nataka tufunge Jumamosi tarehe 26 Aprili, Sikukuu ya Muungano, kabla alizeti ya mwaka huu haijaanza kuingia getini.

Mkurugenzi, aya hiyo inakutosha kuamua. Mhasibu Mkuu, yako ni sehemu A. Injinia na mafundi, rukeni hadi B. Sehemu C ni ya wote, kwa kuwa ndipo penye mabishano.

A. FEDHA

Kwenye bili yetu ya daraja T2 kuna mistari miwili mikubwa. Mmoja ni uniti, Sh 195 kila moja. Huo hautabadilika kwa kiasi cha kuonekana, na atakayeahidi kwamba kapasita zinakata uniti nusu msimsikilize. Mwingine ni kVA, Sh 15,004 kila moja kwa mwezi, na huo ndio tunaoupunguza. Kwa sasa ni kama tunakodi fuso la tani 10 kila mwezi kubeba mzigo wa tani 7.

Kuna sharti moja ambalo nadhani halijawahi kuelezwa ofisini. kVA ya kulipia ni ile ya mwezi husika au asilimia 75 ya kilele cha miezi mitatu iliyotangulia, ipi iliyo kubwa. Ndiyo maana bili ya Februari ilikuja na kVA 175, Sh 2,625,700, wakati mashine zimelala na mnauliza kama mita ni mbovu. Mita ni nzima. Kilele cha Desemba kilikuwa bado kinatudai. Kwa hiyo tukishusha kilele cha msimu, Januari, Februari na Machi nazo zinashuka.

Hesabu ya mwaka, kabla ya VAT:

Mei hadi Desemba: kVA 56 × 15,004 × miezi 8 = Sh 6,721,792
Januari hadi Machi: kVA 42 × 15,004 × miezi 3 = Sh 1,890,504
Jumla: Sh 8,612,296

Aprili sikuihesabu, kwa kuwa kilele cha msimu kinakuwa kimeshatoka kwenye miezi mitatu.

Gharama: paneli 14,200,000, kebo, breka na CT 1,450,000, kufunga na kujaribu 1,250,000. VAT ya asilimia 18 ni 3,042,000, hivyo ankara itasomeka 19,942,000. Kwenye kazi ya kufunga kuna kodi ya zuio ya asilimia 5, Sh 62,500, ya kukata kabla ya kulipa.

Msambazaji wa Dar anataka asilimia 60 na oda, 30 mzigo ukifika Dodoma, 10 baada ya kujaribu. Mhasibu, naomba hiyo 10 ya mwisho (Sh 1,690,000) tusiilipe kwa sababu tu taa za paneli zimewaka. Tuifunge kwenye bili ya kwanza ya mwezi wenye mzigo kamili: ikisoma kVA 180 au chini, alipwe. Nimemweleza kwa simu, hakukataa. Iandikwe kwenye oda. Bei yake inadumu hadi 28 Machi na mzigo unachukua wiki tatu, ndiyo maana nimeweka tarehe 21.

B. UFUNDI

Mzigo wa kilele Oktoba: kW 168, pawa fekta 0.72, ampea 337 kwenye breka kuu ya 400. Chanzo kikubwa ni mota mbili za kW 55 za mashine za kukamua, ambazo muda mwingi zinabeba kama kW 35 tu, pamoja na mota za kubangulia zinazozunguka tupu zikisubiri gunia.

```
Q = P × (tan φ1 − tan φ2)
Q = 168 × (0.964 − 0.329) = 107 kVAr
```

Lengo ni 0.95. Nimechukua 120 ili kapasita zikichakaa tusirudi nyuma. Hatua ni 10, 20, 30 na 60, zinazotoa kila kumi hadi 120. Breka ya paneli ni ampea 250: mkondo wa kapasita ni 173, mara 1.43. Kebo ni shaba, milimita za mraba 120.

Ampea kwenye kebo ya transfoma zitashuka hadi 255, na joto linalopotea humo litapungua kwa asilimia 43. Mliokuwa zamu Oktoba mnakumbuka mlango wa paneli kuu saa nane mchana, kiganja hakikai.

CT ya 400/5 ikae kwenye kebo kuu, *kabla* ya tawi la kapasita, ione mzigo na kapasita kwa pamoja. Ikikaa baada ya tawi, kidhibiti hakitaona kazi yake na kitawasha hatua zote. Paneli isikae upande wa boila wala kwenye vumbi la maganda. Nafasi ni chumba cha stoo ya vipuri, feni na vichujio viangalie nje. Baada ya kuzima, subirini dakika 5 na mpime volti kabla ya kugusa, hata kama ni kubadilisha taa.

C. KWA NINI YENYE RIAKTA

Isiyo na riakta inauzwa Sh 11,400,000 na ingerudisha fedha ndani ya miezi 16. Kwa mzigo wa leo ingetosha: VFD za kudhibiti kasi ya mota tulizonazo ni kW 15 tu kwenye transfoma ya kVA 315. Lakini bajeti ya mwakani ina VFD ya kW 45 kwa mashine ya kukamua ya pili. Zikifika kW 60, harmoniki, yaani mawimbi ya ziada kwenye umeme, zitakuwa nyingi, na hatua ya kVAr 60 inaangukia pabaya:

```
h = √(7875 / 60) = 11.5
```

(7,875 ni kVA za shoti za transfoma yetu kwa impidansi ya asilimia 4.) Mwangwi wa kapasita na transfoma hapo ni jirani kabisa na harmoniki ya 11, ambayo VFD hizi huitoa. Kapasita huvimba na kupasuka kwa hali hiyo. Riakta ya asilimia 7 inashusha mwangwi hadi Hz 189, chini ya harmoniki ya 5, na kapasita zinakuwa za volti 480.

Kwa hiyo Sh 5,500,000 ya ziada ni gharama ya ile VFD, tunailipa mapema. Kama Mkurugenzi ameamua VFD haiji, nijulisheni kabla ya tarehe 21, nami nitabadilisha oda iwe ya bei nafuu bila kinyongo.

Jumamosi ya kufunga umeme utazimwa saa 2 asubuhi hadi saa 8 mchana. Jumapili tunajaribu kwa mzigo. Nitahitaji mashine zote mbili za kukamua na angalau gunia 40 za alizeti ya akiba. Stoo, tafadhali msiziuze.

Wenu katika kazi,
Msimamizi wa Umeme na Matengenezo
Kizota, Dodoma