Fomu ya Ridhaa: Utafiti wa Maji ya Matumizi ya Nyumbani

(Mhojaji aisome kwa sauti, polepole, kabla ya swali la kwanza. Mshiriki awe na umri wa miaka 18 au zaidi.)

Tunafanya utafiti kujua kaya zinapata wapi maji, zinayahifadhi vipi, na kama kuna aliyeugua kuhara katika wiki 2 zilizopita. Nyumba yako imepatikana kwa kura, hakuna aliyekutaja. Mazungumzo yatachukua kama dakika 40. Tutaomba pia kuona chombo unachohifadhia maji ya kunywa, ukiridhia.

Kushiriki ni hiari

Unaweza kukubali au kukataa, na huhitaji kutoa sababu. Tunajua ni vigumu kumkatalia mgeni uliyekwisha kumpa kiti, hasa akiwa ameletwa na kiongozi wa mtaa. Kiongozi ametuonyesha njia tu: hataambiwa nani amekubali na nani amekataa. Ukikataa, huduma unazopata zahanati, shuleni au kwenye bomba la jamii zitabaki vilevile.

Ukishakubali, bado unaweza kuruka swali lolote au kusitisha mazungumzo. Ukibadili mawazo baadaye, tupigie simu ndani ya siku 14 tufute majibu yako. Baada ya hapo yatakuwa yamechanganywa na ya wengine, na hatutaweza kuyatambua.

Siri ya majibu yako

Jina lako halitaandikwa kwenye dodoso. Litaandikwa namba, na orodha inayoonyesha namba ipi ni ya nani itafungiwa kabatini, mbali na majibu. Mtafiti mkuu na msaidizi wake mmoja ndio pekee watakaoiona, na itachomwa utafiti ukiisha. Ripoti itataja jumla tu, kwa mfano kaya ngapi huchemsha maji. Picha hatupigi, sauti haturekodi.

Jambo moja hatuwezi kulificha: tukibaini mtoto yuko hatarini kudhurika, tutawajulisha wanaoweza kumlinda. Jirani akiingia katikati ya mazungumzo, mhojaji atanyamaza hadi mbaki wawili.

Faida na usumbufu

Hakuna malipo, wala hatuahidi kisima. Matokeo yatasomwa kwenye mkutano wa hadhara, nawe unakaribishwa. Maswali ya ugonjwa yanaweza kukutonesha, hasa kama umefiwa na mtoto. Sema tupumzike au tuyaache.

Kadi tunayokuachia ina namba ya mtafiti mkuu na ya kamati ya maadili ya utafiti. Kama hukutendewa vyema, ipigie kamati moja kwa moja bila kupitia kwetu.

Tamko la mshiriki

"Nimesomewa maelezo haya, nimeuliza niliyotaka kuuliza na nimejibiwa. Nakubali kuhojiwa kwa hiari yangu."

Anayekubali aseme maneno haya kwa kinywa chake. Haombwi sahihi wala dole gumba. Mhojaji ataandika tarehe na saa, kisha atatia sahihi yake kuthibitisha kwamba ameyasikia. Anayekataa ashukuriwe, na mhojaji aondoke bila kumbembeleza.